Loglaini Imseme Mhusika, Kauli Imseme Mwongozaji

Ukishamaliza kuhariri filamu fupi na kuamua kuipeleka kwenye tamasha, liwe ZIFF la Zanzibar au Clermont-Ferrand kule Ufaransa, utadaiwa maandishi kabla mtu hajaiona filamu yenyewe. Matamasha mengi hupokea kazi kupitia FilmFreeway, na huko utakuta nafasi ya maelezo mafupi ya filamu, yaani `Brief Synopsis`, na nafasi ya kauli ya mwongozaji, yaani `Director Statement`. Ya kwanza hubebwa na loglaini, sentensi moja au mbili zinazosema filamu inamhusu nani na kitu gani kinamkuta. Ya pili ni barua fupi ya mtengenezaji mwenyewe.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni maandishi haya mawili kubadilishana kazi. Loglaini inageuka kuwa hotuba kuhusu jamii, halafu kauli ya mwongozaji inasimulia hadithi upya. Msomaji anafika mwisho wa yote mawili bila kumjua mhusika wala aliyemtunga.

Tuchukue filamu ya kubuni, ya dakika 14, tuipe jina Bamvu. Imetengenezwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako wanawake hulima mwani kwenye maji ya kina kifupi. Mwani haushughulikiwi siku yoyote mtu atakayo. Husubiriwa bamvu, siku ambazo maji hupwa mbali sana na mashamba yakaachwa wazi kwa saa chache. Siku hizo zikipita, mkulima atangoja bamvu jingine.

Mwongozaji wetu anaandika hivi kwa mara ya kwanza: “Filamu hii inaonyesha changamoto wanazopitia wanawake wa pwani katika kutafuta riziki.” Hakuna uongo hapo, lakini sentensi hiyo ingeweza kubandikwa kwenye filamu ya muuza samaki wa Kilwa au ya msusi ukili wa Lamu, na isingebadilika hata herufi. Imetaja mada ikamwacha mtu.

Anajaribu tena, safari hii anajaza kila kitu: jina la mama, jina la binti, jina la jirani, ugomvi wa mpaka wa shamba uliotokea miaka iliyopita, mume aliyekwenda Dar es Salaam, ada ya shule, na mwisho wa kisa. Maneno yanafika 90. Majina matatu hayamwambii chochote mtu ambaye hajawaona wenye majina hayo, na mwisho umeshatolewa bure. Matamasha mengi huchapisha maelezo haya kwenye kijitabu cha ratiba, kwa hiyo siri ikivuja hapo, ukumbi mzima unaingia ukijua kitakachotokea.

Sasa jaribio la tatu: “Siku ya mwisho ya bamvu, mkulima wa mwani wa Jambiani ana saa chache za kuvuna ada ya bintiye, ndipo jirani aliyemdhulumu shamba anaposhikwa na uchungu wa kuzaa katikati ya maji yanayoanza kujaa.”

Tazama kilichotokea. Jina limeondoka, kazi yake imebaki, na kazi inatuonyesha mikono yake, mahali alipo na kipato chake. Lengo lake tunaliona, nalo lina bei: ada. Kizuizi chake ni mtu ambaye ana kila sababu ya kumpita. Saa inakwenda, kwa kuwa maji hayamsubiri. Uamuzi wake hatukuambiwa. Kwa Kiswahili, ambacho neno moja hubeba mengi, maneno 25 hadi 35 yanatosha kabisa kwa kazi hii.

Ukitaka kuona muundo huohuo kwenye filamu iliyopo, fikiria Watu Wote ya Katja Benrath, ya mwaka 2017, iliyotokana na shambulio la basi lililokuwa likielekea Mandera, Kenya, Desemba 2015, na ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Mimi ningeiandikia hivi: mwanamke Mkristo asiyewaamini Waislamu amepanda basi la Mandera, magaidi wanapolisimamisha, uhai wake unabaki mikononi mwa abiria aliokuwa akiwaepuka. Ugaidi ni mada kubwa, lakini kinachotuvuta ni mwanamke mmoja na watu walioketi kando yake.

Loglaini ina faida nyingine ambayo wengi hawaitumii: inapima uhariri. Ukiwa na ile sentensi ya tatu mkononi, fungua filamu yako uangalie saa. Uchungu wa jirani unaanza dakika ya ngapi? Ukianza dakika ya 11 kati ya 14, basi sentensi inaahidi jambo ambalo filamu haina nafasi ya kulitimiza. Hapo kinachohitaji kukatwa huenda ni zile dakika za mwanzo za machweo na mitumbwi, wala si maneno.

Kauli ya mwongozaji inaanzia pale loglaini ilipoishia. Maneno 150 hadi 250 yanatosha, tena kwa nafsi ya kwanza. Anayeisoma ameshajua kisa. Anachotaka kujua ni kwa nini wewe, na kwa nini umekisimulia kwa namna hiyo. Habari za kupenda sinema tangu utotoni na tuzo ulizopata zipeleke kwenye wasifu. Maneno ya “filamu hii itabadilisha jamii” yaache, kwa sababu hilo ni la watazamaji kulisema.

Kauli ya Bamvu ingeweza kuanza hivi: “Bibi yangu alilima mwani, na mimi nilimfungia miche kwenye kamba kabla ya kwenda madrasa. Ninachokumbuka zaidi ni mgongo wake, kwa maana alifanya kazi akiwa ameinama na sikuuona uso wake mpaka maji yalipotufukuza. Ndiyo maana kamera yangu haisimami juu ya kiuno. Sikutumia muziki, kwa kuwa sauti ya maji ndiyo saa ya filamu hii, na nilitaka mtazamaji aisikie ikipanda. Waigizaji wawili wakuu ni wakulima wenyewe, na tulipiga picha wakati wa kupwa tu, kwa hiyo haraka mnayoiona nyusoni mwao ni ya kweli.”

Sentensi hizo kwa pamoja zinafunga kumbukumbu na uamuzi wa kisanii. Mgongo wa bibi umezaa urefu wa kamera, na maji yameondoa muziki. Mwongozaji asiye na bibi mkulima naye anaweza kuandika kauli nzuri, mradi aseme alifikaje kwa watu hao, alikaa nao vipi, na walishiriki wapi katika kazi. Asiyetoka mahali pale akilikwepa swali hilo, pengo linaonekana mara moja.

Kuhakiki ni rahisi. Mpe loglaini mtu ambaye hajaiona filamu, umuulize anatarajia kumwona nani akifanya nini. Akikujibu kwa mada, rudi mezani. Kisha funika jina la filamu kwenye kauli yako na ujiulize kama ingefaa filamu ya mwenzako. Fanya yote haya baada ya uhariri wa mwisho, maana kauli iliyoandikwa wakati wa kuomba fedha mara nyingi husifu tukio ambalo limeshakatwa.

Na kama tamasha linataka Kiingereza au Kifaransa, usihamishe neno kwa neno. Msomaji wa Clermont-Ferrand hajui bamvu. Mwambie ni siku ambazo bahari hurudi nyuma kuliko kawaida. Jambiani mwongezee Zanzibar. Ikibidi kupunguza ili maelezo hayo yaingie, ondoa ule udhalimu wa shamba kwa kumwita jirani “hasimu wake”, lakini maji yanayojaa yaache palepale yalipo.