Kujaa na Kupwa Ndani ya Siku 36

Wavuvi wa Unguja wanajua kwamba bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili hivi, na katikati yake huja maji mafu. Chanzo ni mivuto miwili inayofukuzana: wa mwezi, unaojaza bahari kila baada ya saa 12.42, na wa jua, kila baada ya saa 12 kamili. Wataalamu wa bahari huuita wa kwanza M2 na wa pili S2. Kila siku 14.77 hukutana, na maji hupanda sana.

Tuseme kipimamaji cha bandarini kimeandika kina cha maji kila saa kwa siku 36, yaani vipimo 864. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme pia kwamba mwezi peke yake unainua maji mita 1 juu ya usawa wa kati, na jua nusu yake. Tunataka kompyuta ichambue rekodi hiyo kwa mbinu ya Fourier ituambie kila mvuto una nguvu kiasi gani.

Kompyuta hupima kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni wimbi linalozunguka mara 1 ndani ya rekodi nzima, ya pili mara 2, na kuendelea. Jua limezunguka mara 72 kamili, kwa hiyo lina ngazi yake. Mwezi umezunguka mara 69.56, na ngazi ya namna hiyo haipo.

Ugumu unatokana na jinsi hesabu yenyewe inavyokwenda: huichukulia rekodi kana kwamba inajirudia milele, mwisho wake ukiungwa na mwanzo wake. Ni kama kushona vipande viwili vya kitambaa cha maua, maua yakapishana penye mshono. Wimbi la mwezi linakatika ghafla pale, na mkatiko huo hauwezi kuelezwa kwa ngazi moja. Huhitaji zote. Huko ndiko kuvuja.

Basi ile mita 1 ya mwezi inaonekana kama sentimita 71 kwenye ngazi ya 70 na sentimita 56 kwenye ya 69. Kwenye ngazi ya 72, nyumbani kwa jua, mwezi unaacha sentimita 13. Jua lenye sentimita 50 linaweza kusomeka 37 au 63, kutegemea saa ulipoanza kupima! Hata mbali kabisa, kwenye mawimbi ya mara moja kwa siku, bado inabaki kama sentimita 1, na huko yapo mawimbi ya kweli yenye ukubwa huohuo.

Dawa ya kawaida ni dirisha. Kila kipimo huzidishwa kwa uzito: wa katikati hubaki mzima, wa pembeni hupunguzwa polepole hadi sifuri, ili mshono usiwe na mruko. Dirisha linalotumiwa sana lina jina la Julius von Hann, mtaalamu wa hali ya hewa wa Austria. Likitumika hapa (baada ya kutoa wastani wa maji kwanza, maana nao huvuja), zile sentimita 13 zinashuka hadi 2.6. Kule mbali, sentimita 1 inakuwa kama sehemu ya mia ya milimita.

Lakini vipimo vya pembeni ulivyovififisha ulivilipia, na sasa rekodi yako ni kama fupi zaidi. Mwezi una ndugu, N2, wa saa 12.66, anayetokana na mwezi kusogea karibu na dunia na kujitenga nayo. Katika rekodi yetu wameachana kwa ngazi 1.3 tu. Bila dirisha, ngazi 1 inatosha kuwatenganisha kwa shida, na hiyo hupatikana kwa siku 27.6. Kwa dirisha la Hann zinatakiwa kama ngazi 2, yaani siku 55. Kwa hiyo katika siku zetu 36, N2 anamezwa. Dirisha la Blackman huziba uvujaji zaidi, na kilele hupanuka zaidi tena.

Mimi simwamini anayeanza kwa kuuliza dirisha lipi ni bora. Unatafuta majirani wawili wenye nguvu? Acha rekodi ilivyo. Unatafuta kinyonge kilicho mbali na jabari? Tia Hann. Kuongeza sifuri mwishoni mwa rekodi hulainisha mchoro tu, hakutenganishi ndugu. Na ukitilia shaka kilele, kata siku kadhaa urudie: cha kweli hubaki kwenye saa zake, cha kuvuja hubadilika.

Njia rahisi kuliko zote ni kuchagua urefu. Katika siku 29 mwezi huzunguka mara 56.04 na jua mara 58, ndiyo maana wapimaji wa zamani wa Marekani walipenda siku hizo. Siku hizi wataalamu wa maji hutumia saa zilizokwisha kujulikana kutokana na falaki, wakazilinganisha moja kwa moja na vipimo. Dirisha hulitumia kwenye kinachobaki baada ya mwezi na jua kuondolewa, kama vile mtikisiko wa maji ya ghuba, ambao saa zake hakuna falaki inayozitaja.