Jarida Linalojaza Chupa ya Chanjo

Chanjo ya mdondo aina ya I-2, inayotengenezwa nchini Tanzania, huuzwa katika chupa zenye dozi nyingi, na chupa ikishafunguliwa dawa haikai siku nyingi. Mfugaji mwenye kuku 15 akimwita daktari peke yake, sehemu kubwa ya chanjo hupotea. Jarida la kila mwezi la kliniki ya mifugo linaweza kuwakusanya wafugaji wa namna hii siku moja.

Tuchukue mfano wa kliniki ndogo pembezoni mwa Morogoro. Kabla ya kuandika chochote, mhudumu hufungua daftari la wateja: jina, simu, mtaa, aina ya mnyama na tarehe ya chanjo ya mwisho. Daftari ndilo linaloamua habari ya mwezi. Likionyesha kaya 12 za mtaa mmoja, kila moja ikiwa na kuku wapatao 15 ambao hawajachanjwa kwa miezi mitatu, hao ni kuku 180. Chupa moja ya dozi 200 inawatosha.

Basi toleo la Agosti linakuwa ukurasa mmoja kuhusu mdondo, kabla kiangazi hakijakolea. Linaeleza dalili: kuku kuzubaa, kuharisha kijani, shingo kupinda. Linasema wazi kwamba chanjo haiponyi kuku aliyekwisha ugua, na kwamba kinga huhitaji kama wiki mbili kujijenga, ndiyo maana kusubiri jirani apoteze kuku ni kuchelewa. Kisha inafuata taarifa ya miadi: daktari atakuwa mtaani Jumamosi asubuhi, kuku wasifunguliwe bandani, mwisho wa kujiandikisha ni Jumatano, namba ya simu ni hii. Kila kuku atapata tone moja jichoni.

Ukurasa huo hutumwa kwa WhatsApp kwa wateja waliokubali kutumiwa, na nakala hubandikwa kwenye duka la pembejeo kwa wasio na simujanja. Wenye mbwa na paka wapate toleo lao. Septemba inawafaa zaidi, kwa kuwa tarehe 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani: waelezwe kuhusu chanjo, na kwamba jeraha la kung'atwa huoshwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kabla ya kukimbilia hospitali.

Kosa baya ni kuchapisha vipimo vya dawa za kuua bakteria. Msomaji atanunua dukani, atakisia uzito wa ng'ombe, na maziwa yenye masalia ya dawa yatauzwa. Jarida lieleze dalili. Kipimo kibaki kwa daktari aliyemwona mnyama.

Na kujua kama linafanya kazi? Kila anayepiga simu aulizwe amepata habari wapi, jibu liandikwe daftarini. Waliochanja Agosti watatumiwa ukumbusho katika toleo la Novemba. Miezi mitatu ikipita bila mteja hata mmoja kutaja jarida, kliniki ibadilishe mada au siku ya kutuma.