Asilimia Sita: Je, Msimbo Huu Uzuiwe?

Programu nyingi tunazotumia, kuanzia za benki hadi za kutafutia njia, huandikwa na watu wengi wasiokaa chumba kimoja. Mmoja wao akimaliza kubadilisha mistari kadhaa ya msimbo, haipachiki moja kwa moja kwenye programu kuu. Hutuma ombi la kuiunganisha, na mwenzake huikagua kwanza. Katika miradi inayojali kasi, mkaguzi huyo hapewi msimbo peke yake; huletewa pia jedwali la vipimo, linaloonyesha kila kazi ilichukua muda gani kabla ya badiliko na inachukua muda gani sasa. Jedwali likisema kazi fulani imekuwa nzito zaidi, yeye ndiye wa kuamua: alizuie ombi au aliache lipite?

Tuchukue mfano katika lugha ya Go, ambayo Google iliitangaza mwaka 2009. Tuseme kuna programu inayosoma orodha ndefu ya miamala, mstari mmoja baada ya mwingine. Mwandishi wa badiliko ana nia njema: mstari ukiwa na kasoro, anataka ujumbe wa kosa uonyeshe maandishi yenyewe ya mstari ule, ili anayetafuta tatizo asihangaike. Vipimo vinaendeshwa kwa msimbo wa zamani, kisha kwa msimbo mpya, na majibu yanalinganishwa:

```
go test -run='^$' -bench=. -benchmem -count=10 > zamani.txt
go test -run='^$' -bench=. -benchmem -count=10 > mpya.txt
benchstat zamani.txt mpya.txt
```

Sehemu ya jedwali inayohusu muda inatoka hivi, ya zamani kushoto na mpya kulia:

```
SomaMstari-8  412.0n ± 2%  437.0n ± 1%   +6.07% (p=0.000 n=10)
TafutaJina-8  1.210µ ± 9%  1.270µ ± 11%  ~ (p=0.247 n=10)
```

Macho hukimbilia asilimia. Mimi nashauri yaanzie kwenye alama ya ±, kwa sababu hiyo ndiyo inayosema namba yenyewe inatikisika kiasi gani. Kompyuta ileile, ikiendesha msimbo uleule, haitoi muda uleule mara mbili. Prosesa ikipata joto hupunguza mwendo. Seva ya kukodi huwa na wapangaji wengine wanaogombea prosesa hiyohiyo. Hata mambo yasiyohusiana na msimbo huingilia: mwaka 2009 Mytkowicz na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa ukubwa wa mazingira ya mfumo wa Yuniksi, yaani maandishi ya mipangilio ambayo programu hurithi inapoanza, unaweza kubadilisha kasi iliyopimwa kiasi cha kumpotosha mpimaji.

Ndiyo maana `-count=10` ipo pale. Kila kipimo kinarudiwa mara kumi, kisha `benchstat` inachukua thamani ya katikati ya zile kumi na kuuliza swali moja: kama badiliko halikuathiri kitu, bahati tupu ingeweza kuleta tofauti kubwa namna hii mara ngapi? Jibu ni ile `p`. Kwa `TafutaJina` ni 0.247, maana yake karibu mara moja katika kila nne. Hapo chombo kinakataa kutaja asilimia na kuweka alama ya `~`. Ukipiga hesabu mwenyewe utapata ongezeko la karibu asilimia tano, na wapo wakaguzi wanaolipigania ongezeko hilo. Wanapigania kelele. Kipimo kinachoyumba kwa asilimia tisa hadi kumi na moja hakiwezi kukuthibitishia ongezeko la asilimia tano. Lakini alama hiyo haisemi kwamba hakuna tofauti. Inasema tu kwamba vipimo hivi havikuiona.

Idadi ya marudio ina ukomo wake wa chini pia. Anayerudia mara tatu kila upande, hata kama nyakati zote tatu mpya ni ndefu kuliko zote tatu za zamani, atapata `p` ya 0.1 na si chini ya hapo, kwa sababu mpangilio huo unaweza kutokea kwa bahati kwa njia mbili kati ya ishirini. Kikomo cha kawaida ni 0.05. Jedwali lake basi haliwezi kukamata upungufu wowote, uwe mkubwa vipi.

Kosa la upande wa pili hutokea pale mradi unapokuwa na vipimo vingi. Kwa kikomo cha 0.05, vipimo 60 visivyo na badiliko lolote la kweli vitatoa kengele za uongo tatu hivi. Mkaguzi makini hazuii ombi kwa kengele moja iliyojitokeza katikati ya nyingi. Anaendesha upya vile vilivyolia peke yake, kwenye mashine tulivu, msimbo wa zamani na mpya wakipokezana ili joto la mashine lisiudhulumu upande mmoja.

Turudi kwa `SomaMstari`. Yumbo ni asilimia moja au mbili, ongezeko ni sita, na `p` imeshuka hadi sifuri kwa tarakimu tatu. Hili ni la kweli. Lakini limetoka wapi? Jibu lipo chini zaidi katika jedwali, kwenye sehemu ambayo wengi hawaifikii, kwa sababu `-benchmem` huhesabu pia ni mara ngapi programu inaomba kumbukumbu kwa kila kazi:

```
SomaMstari-8  2.000 ± 0%  3.000 ± 0%  +50.00% (p=0.000 n=10)
```

Hesabu hii kwa kawaida haijali joto wala wapangaji wa seva. Mara mbili zimekuwa tatu, katika kila mstari unaosomwa. Mkaguzi akifungua msimbo anamkuta mhusika:

```go
s := string(b)
if !sahihi(b) {
    return fmt.Errorf("mstari mbovu: %q", s)
}
```

Maandishi yananakiliwa kabla ya kujua kama kuna kosa. Na kwa kuwa `s` huenda ikakabidhiwa kwa `fmt.Errorf`, kompaila inalazimika kuitengea kumbukumbu ya kudumu kila mara, hata kwa mistari mizima, ambayo ndiyo karibu yote. Mstari wa kwanza ukihamishiwa ndani ya `if`, gharama inabaki kwa mistari mibovu tu.

Hapa mimi ningezuia. Asilimia sita si kubwa ya kutisha, ila tiba yake ni kuhamisha mstari mmoja, na nia ya mwandishi inatimia vilevile. Baada ya kurekebisha, ningetaka nione mbili zimerudi mahali pa tatu kabla sijasoma muda.

Uamuzi unakuwa mgumu pale tiba inapokosekana. Swali la kwanza ni kazi hiyo inachukua sehemu gani ya muda wote. Ikiwa usomaji wa mistari ni asilimia 30 ya muda wa programu, ongezeko la asilimia sita litamfikia mtumiaji kama asilimia 1.8, ikiwa ni asilimia 2, litamfikia kama 0.12, na hakuna atakayelihisi. Swali la pili ni kinachonunuliwa kwa gharama hiyo. Mapema mwaka 2018, udhaifu wa Meltdown ulipofichuliwa kwenye prosesa, Linuksi ilikubali kinga iliyopunguza kasi ya programu zinazoita kiini cha mfumo mara kwa mara, kwa sababu bila kinga hiyo siri za kumbukumbu zingesomeka.

Mradi wa lugha ya Rust una utaratibu ninaoupenda. Kompaila yake hupimwa hasa kwa idadi ya maagizo ambayo prosesa imetekeleza, kwa kuwa idadi hiyo hutikisika kidogo kuliko muda. Badiliko likionekana kuizorotesha, ombi hupachikwa lebo ya `perf-regression`. Lebo hiyo haimaanishi kwamba badiliko limekataliwa. Inamtaka mtu achunguze, aandike kwenye ombi kwa nini gharama inakubalika au itarekebishwaje, kisha aongeze `perf-regression-triaged`.