Majibu Yaliyotegwa

Mtihani wa mchujo wa maofisa wa benki unaoendeshwa na IBPS nchini India una sehemu ya mantiki yenye maswali 35, nayo hupewa dakika 20. Ukigawanya, kila swali lina kama sekunde 34. Jibu lisilo sahihi halikosi alama tu. Hukatwa pia robo ya alama za swali hilo. Ndiyo maana vijana wa Patna, mji wa jimbo la Bihar uliojaa madarasa ya maandalizi, hufanya mitihani ya majaribio mmoja baada ya mwingine kabla ya siku yenyewe.

Mwalimu mmoja wa madarasa hayo, baada ya kusahihisha majaribio ya karibuni, aliwaandikia wanafunzi wake ujumbe ambao haukugusa kabisa maswali magumu. “Wanangu,” alianza, “yale magumu tutayafundishana. Leo nataka tuzungumzie yale mnayoyajua.” Kisha akawawekea swali la foleni.

Kiran ni wa 9 kutoka kushoto, Meena ni wa 12 kutoka kulia. Wakibadilishana nafasi, Kiran anakuwa wa 19 kutoka kushoto. Je, sasa Meena ni wa ngapi kutoka kulia? Majibu ya kuchagua ni 21, 22, 23, 30 na 31.

Kiran sasa amesimama pale alipokuwa Meena, kwa hiyo nafasi hiyo moja ni ya 19 kutoka kushoto na ya 12 kutoka kulia. Ukijumlisha unapata 31, lakini aliyesimama hapo amehesabiwa mara mbili. Toa moja, foleni ina watu 30. Meena amehamia nafasi ya 9 kutoka kushoto. Kulia kwake wamebaki watu 21, naye mwenyewe ni wa 22.

Sasa yatazame yale majibu mengine. Aliyesahau kutoa moja ataishia kwenye 31, au akiendelea na hesabu hiyo yenye kasoro, kwenye 23. Aliyehesabu walio kulia kwa Meena akamsahau Meena mwenyewe atachagua 21. Na 30? Hilo ni la mwanafunzi aliyefanya kila kitu sawasawa, akapata idadi ya foleni, akafurahi, akasahau kwamba hakuulizwa idadi. Mtunzi wa mtihani amepita njia zote hizo kabla yake na kila mwisho wa njia ameweka jibu. Kwa hiyo kuliona jibu lako kwenye orodha hakuthibitishi lolote, ingawa wengi hulichukua kama muhuri.

Kosa lililomsumbua zaidi mwalimu lilikuwa la meza ya duara. Watu wanane wamekaa wakitazama katikati, na maswali matano yanafuata kutokana na mpangilio huo mmoja. Anayetazama katikati, kushoto kwake ni upande unaofuata mwendo wa mshale wa saa, ukiitazama meza kutoka juu. Akigeuka kutazama nje, kushoto huwa kinyume. Mwanafunzi aliyeruka neno “katikati” huchora mpangilio mzima kinyumenyume, kama sura ndani ya kioo.

Ubaya wa mchoro huo ni kwamba haumshtui. Masharti yote yanakaa, hakuna kiti kinachogongana na kingine. Anayekaa mkabala na fulani bado ni yuleyule, na jirani wawili wa fulani ni walewale. Yanayoharibika ni maswali ya kushoto na kulia tu. Mwalimu aliwaambia watumie dalili hiyo kujipima: ukikuta maswali ya “mkabala” umepata na ya “kushoto kwa” umekosa yote, usirudie somo la mipangilio, maana unalijua. Rudi kwenye sentensi ya kwanza ya swali.

La ukoo lilikuwa fupi. “P ni kaka wa Q. Q ni nani kwa P?” Wengi walijibu kaka. Sentensi inatuambia P ni mwanamume. Kuhusu Q haikusema neno, na jibu “haiwezi kujulikana” lilikuwa palepale chini.

Kwa majaribio yajayo hakudai wapunguze mwendo, kwani sekunde 34 haziruhusu anasa hiyo. Alitaka mambo mawili kwenye karatasi ya hesabu: kinachoulizwa kiandikwe kwa maneno mawili matatu kabla ya mchoro wowote, mfano “Meena, kulia”, na kila duara liwe na mshale unaoonyesha watu wanatazama wapi. Karatasi hizo zikusanywe pamoja na majibu, aliandika, kwa sababu safari hii atasahihisha hizo kwanza.