Nunua pamoja, lakini hesabu kwanza: dawa ya viazi toka depo ya Goma

Wakulima wa viazi hapa Masisi wanajua: mvua ikizidi, milidiu inaunguza majani kwa siku chache. Mankozebu inafanya kazi ikipigwa mbele ya ugonjwa kuingia, ndiyo maana kila mtu anaitafuta wakati mmoja, paketi moja moja, kwa bei ya juu. Koperative inaweza kupata bei nzuri zaidi kwa njia mbili: kununua nyingi au kulipa haraka. Njia hizi mbili si kitu kimoja.

Tuchukue mfano. Wanachama 40 wanahitaji kilo 3 kila mmoja, ni kilo 120. Tuseme depo inauza kilo kwa dola 8. Wote wakinunua mbalimbali, watalipa dola 960.

Mjumbe wa koperative anaenda kwa muuzaji na orodha mkononi: "Papa, tuko watu 40, tunachukua kilo 120 mara moja. Utatufanyia bei gani?" Muuzaji anashuka mpaka 7.50, kwa sababu anamaliza mzigo kwa mteja mmoja. Hapo ni dola 900, na anakubali kulipwa kisha mavuno.

Sasa mjumbe anauliza tena: "Na tukikulipa leo?" Muuzaji anasema 7. Makuta ikirudi haraka, anaweza kuleta mzigo mwingine. Sasa ni dola 840: amepunguza dola 60 zingine.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Makuta ya kulipa leo inatoka wapi? Kila mwanachama akileta dola 21 mbele ya safari, ni faida. Lakini koperative ikikopa dola 840 katika AVEC kwa riba ya 5 kwa mia kila mwezi, kwa miezi 3 mpaka mavuno, riba ni dola 126. Mumekimbia kulipa 60, mumelipa 126. Afadhali muchukue bei ya 7.50 na deni la muuzaji.

Angalieni pia haya. Kusanyeni mchango mbele ya kuahidi kilo 120. Watu 15 wakijitoa, muuzaji anarudisha bei ya zamani. Musizidishe hesabu ili mupate bei: dawa inayobaki itapita tarehe yake. Musilipe yote mbele ya kufungua karton na kusoma tarehe kwenye paketi. Fakture iandikwe bei ya kilo, idadi na siku ya kulipa.

Kwa ndugu wa Walikale, njia ndiyo inakula faida. Hata muuzaji akikataa kushusha bei, mumuulize: "Utabeba mzigo mpaka kwetu?" Kisha mulinganishe bei ya kilo ikiwa imefika mlangoni kwenu, si ile ya Goma.

Hesabu hii ifanyiwe kwenye mkutano, wote wakiona, mbele mjumbe hajapanda gari.