Fahamu: Kusoma tangazo la mafunzo ya uanagenzi bila ada

Nchini Tanzania, Ofisi ya Waziri Mkuu hutangaza mafunzo ya uanagenzi kwa vijana wasio na ajira, wenye umri wa miaka 15 hadi 35. Muda wake kwa kawaida ni miezi sita, na ada hulipwa na serikali.

Neno "bure" kwenye matangazo haya ndilo linalowaponza wengi. Linahusu ada. Chukua kijana wa miaka 22 aliyemaliza darasa la saba Kilwa, anayetaka uchomeleaji, na chuo kilichotajwa kiko Dar es Salaam. Umri unamruhusu. Lakini kama tangazo halitaji chakula wala malazi, ajue atajilipia mwenyewe kwa miezi yote sita, jambo ambalo huwatoa wengi njiani. Aulize kwanza kama fani hiyo ipo chuo cha karibu.

Kisha tarehe ya mwisho. Matangazo haya huzunguka WhatsApp hata baada ya dirisha kufungwa, kwa hiyo atazame mwaka, si siku na mwezi tu. Mwaka usipoonekana, athibitishe chuoni. Na akitakiwa kutuma "pesa ya fomu" kwa namba ya simu ya mtu binafsi, asitume.