Kampuni ikinunua au ikiongeza hisa, mfuko wako unaguswaje?

Uko hapa Butali, umelipwa pesa ya miwa, mara meseji inaingia kwa simu: kampuni uliyonunua hisa zake miaka kadhaa iliyopita inakupa "haki" ya kununua nyingine kwa bei ya chini. Wengi huifuta wakidhani ni matangazo tu. Kumbe kuifuta kunaweza kukugharimu pesa. Acha tuone jinsi gani.

Tuanze na Kenya Airways, mwaka 2012. Kampuni ilihitaji mtaji, ikawaendea wenye hisa wake: kwa kila hisa 5 ulizo nazo, una haki ya kununua 16 mpya kwa shilingi 14 kila moja. Hisa zilizokuwepo zilikuwa takriban milioni 461. Zilizotolewa zilikuwa karibu bilioni 1.48, yaani zaidi ya mara tatu ya zile za zamani!

Sasa tupige hesabu. Tuseme ulikuwa na hisa 100, na bei sokoni kabla ya haki ni shilingi 20 (bei hii ni ya mfano tu). Mali yako ni shilingi 2,000. Haki zako ni 320, na kuzilipia zote unahitaji shilingi 4,480. Ukilipa, utakuwa na hisa 420 zilizokugharimu jumla ya shilingi 6,480. Gawanya, unapata kama shilingi 15.43 kwa hisa. Hapo ndipo bei inapotarajiwa kutua. Imeshuka kutoka 20, lakini hujapoteza chochote, kwa sababu hisa zako zimeongezeka.

Anayeumia ni yule aliyenyamaza. Hisa zake 100 sasa ni shilingi 1,543. Shilingi 457 zimeyeyuka. Na je, kama huna hizo 4,480? Haki zenyewe ziliweza kuuzwa sokoni. Kila haki ina thamani ya tofauti kati ya 15.43 na 14, yaani shilingi 1.43 hivi. Mara 320, unapata zile zile shilingi 457. Ila muda ukipita, haki inakufa na huwezi kuiuza tena.

Wafanyabiashara wa hisa hutazama jambo moja: watu wamenunua kiasi gani? Kenya Airways ilipata kama asilimia 70 ya ilichotaka, takriban shilingi bilioni 14.5 badala ya bilioni 20.7. Haki zisipomalizika hivyo, soko husoma kwamba wengi hawakuona shilingi 14 kuwa bei nafuu. Na bei ya sokoni ikishuka chini ya bei ya haki, haina maana kulipia haki. Nunua tu sokoni, kama bado unazitaka.

Upande wa pili ni kampuni kununua hisa zake yenyewe. Nation Media Group ilifanya hivyo mwaka 2021, ikiwa ya kwanza kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Ilitaka kununua hadi asilimia 10 ya hisa zake kwa shilingi 25, juu ya bei ya sokoni wakati huo. Ilipata kama milioni 17.1, na hisa zikapungua kutoka milioni 207 hivi hadi milioni 190.

Fikiria trekta la watu kumi, mmoja akilipwa atoke. Waliobaki tisa wanagawana mapato makubwa zaidi kila mmoja, lakini pesa ya kumlipa imetoka kwenye mfuko wa pamoja. Vivyo hivyo, ukibaki na hisa 100 za Nation, fungu lako la kampuni linakua kwa kama asilimia 9, lakini zaidi ya shilingi milioni 420 zimetoka kwenye akaunti ya kampuni. Kama bei iliyolipwa ni kubwa kuliko thamani halisi, anayetoka amefaidi na anayebaki amelipia.

Kwa hivyo bei ikipanda ofa inapotangazwa, usikimbilie kununua. Ofa ina mwisho, na ikifungwa, mnunuzi yule mkubwa ameondoka. Uliza kwanza: je, biashara yenyewe inapata faida?

Ukipokea meseji ya haki, angalia mambo matatu: uwiano, bei na tarehe ya mwisho. Kisha mpigie dalali wako wa hisa aliyesajiliwa, au uthibitishe kupitia akaunti yako ya CDS. Ukiambiwa utume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, usitume. Hisa hazinunuliwi hivyo.